"Doch" Si "Lakini": Dhidi ya Wafyekaji wa Vijineno



Kuna kauli inayorudiwa kila tunapokutana kuzungumzia tafsiri, nami nimeinyamazia muda mrefu kuliko inavyostahili. Kauli yenyewe ni hii: kwamba Kijerumani kina vijineno kama "doch", "ja" na "mal", vinavyobeba hisia za msemaji, na kwamba Kiswahili hakina vya namna hiyo; kwa hiyo mfasiri ana hiari mbili tu, ama avifyeke, ama avibandikie maana ya kamusi na kuendelea na safari. Leo naikataa kauli hiyo waziwazi. Kutoka kwa Wajerumani tulichukua "shule" na "hela", kwa kuwa vitu hivyo vilikuja nao. "Doch" hatukuichukua, kwa kuwa hatukuwa na haja nayo. Tulikuwa na zetu, na tunazo hadi leo: "si", "mbona", "kumbe", "hebu", "basi", "mwenzio". Kilichopungua ni usikivu wa wafasiri. Lugha haijapungukiwa.

Nasema haya nikiwa mtu aliyewahi kukosea, na kosa langu lilimuumiza mtu. Naishi Bujora, chini ya yale majabali, jirani na makumbusho ya Wasukuma, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma. Kijerumani nilijifunza ukubwani. Mwanza na mji wa Würzburg walifunga udugu mwaka 1966, na tangu hapo wageni na barua havikukatika. Basi mtu akijulikana kuwa anasoma Kijerumani, barua humfuata hadi mlangoni. Ndivyo alivyonijia mzee mmoja wa hapa kwetu, akiwa na barua ya mama wa Kijerumani waliyefahamiana naye miaka mingi. Mume wa yule mama alikuwa amefariki. Mzee wangu alikuwa ameahidi kumwandikia, siku zikapita.

Ndani ya barua ile mlikuwa na sentensi tatu fupi. Naziweka hapa kama zilivyokuwa, kwa sababu hoja yangu yote imo ndani yake:

Du hast es mir doch versprochen. Ich bin ja nicht mehr jung. Schreib mal wieder.

Nami, kwa fahari ya mwanafunzi mwenye kamusi, nikamsomea hivi: "Uliniahidi lakini. Mimi si kijana tena. Andika tena mara moja."

Mzee alinyamaza. Akaikunja barua, akaniambia, "Sawa, mwanangu," akaenda zake. Hakuandika wiki ile, wala mwezi ule, wala mwezi uliofuata. Baadaye nilisikia kwa wengine kwamba amesema, "Yule mama ananidai kama mwenye duka." Na kwa maneno niliyomsomea, alikuwa na haki kabisa. Sentensi ya kwanza ilikuwa lawama, ya pili manung'uniko, ya tatu amri. Mama yule hakuandika hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu.

Tuzichukue sentensi hizo moja moja, tuone nilipopotea.

Tuanze na "mal", maana hapo ndipo kosa lilipo wazi zaidi. Neno hili limetokana na "einmal", yaani mara moja kwa hesabu: mara moja, si mara mbili. Likisimama katika ombi hupoteza hesabu, likabaki na udogo wake tu. Mjerumani akisema "Komm mal her", hahesabu kuja kwako. Anasema kwamba jambo analokuitia ni dogo, halitakuchosha. Sasa tazameni mtego. Kiswahili nacho kina "mara moja", lakini neno letu likiingia katika agizo limekwenda upande wa pili kabisa: maana yake ni sasa hivi, bila kuchelewa. "Njoo hapa mara moja" ni sauti ya mkuu wa kituo. Hivyo neno la Kijerumani linalopunguza uzito wa agizo, nililifasiri kwa neno la Kiswahili linaloongeza uzito wa agizo, na kamusi ilikuwa upande wangu muda wote. Wabandikaji walitafakari hilo.

Dawa yake tunayo, tena si moja. "Hebu njoo." "Njoo kidogo." "Njoo basi." Kila moja ina mahali pake. "Hebu" hutangulia, nayo hufaa kwa rika au kwa mdogo; mjukuu akimwambia babu yake "hebu nipe", watu watageuka kumtazama. "Kidogo" hufuata kitenzi na hupunguza kazi yenyewe: "nisaidie kidogo" haina maana kwamba msaada uwe mchache. Na "basi" ina tabia ambayo wengi wetu tunaitumia kila siku bila kuichunguza. Ikitangulia, hufunga hoja: "Basi niandikie", yaani kwa kuwa mambo ni hayo, fanya hivyo. Ikifuata, hubembeleza: "Niandikie basi." Neno ni lile lile, mahali ndipo palipogeuza hisia. Mjane anayeomba barua hafungi hoja. Anabembeleza.

Sasa "ja". Mwanafunzi wa siku ya kwanza hujua kwamba "ja" ni "ndiyo", na elimu hiyo ya siku ya kwanza ndiyo inayomponza. Katikati ya sentensi, bila mkazo, "ja" haikubali wala haikatai chochote. Humwambia msikilizaji: hili ninalolisema si habari, sote wawili tunalijua, nalitaja tu ili tuendelee pamoja. "Ich bin ja nicht mehr jung." Mama hakuwa anamtaarifu mzee kuhusu umri wake, walizeeka pamoja, kila mmoja upande wake wa bahari. Nilipoifyeka "ja" ile, nikaacha taarifa tupu, na mtu anayekupa taarifa unayoijua ni lazima ana nia nyuma yake. Ndipo mzee akasikia manung'uniko.

Wengine watasema: weka "kama ujuavyo". Inawezekana, lakini "kama ujuavyo" ina harufu ya ofisi. Ni kauli ya barua yenye kumbukumbu namba. Sisi tuna njia iliyo karibu zaidi na moyo: "mwenzio". "Mwenzio si kijana tena." Msemaji anajiita mwenzake msikilizaji, na kwa neno hilo moja anamvuta kando yake na kumkumbusha kwamba haya wanayajua wote. Neno kwa neno, "mwenzio" haina uhusiano wowote na "ja". Kwa kazi, ni ndugu wa tumbo moja.

Lakini "ja" ina uso wa pili, na huko pia kuna shimo. Ni "ja" ya mshangao. Mgeni akiona jambo ambalo hakulitarajia husema "Du bist ja schon da!" nasi tunasema vizuri kabisa, "Kumbe umeshafika!" Hapo "kumbe" inakaa sawasawa, na wapo wafasiri walioifanya kuwa kanuni: "ja" ya mshangao ni "kumbe". Niliwahi kuifuata kanuni hiyo mezani. Mgeni alionja sato wa kuchemsha aliyepikwa na mama wa nyumba, akasema kwa furaha, "Der schmeckt ja gut!" Nami nikafasiri, "Kumbe mtamu!" Uso wa mama ukabadilika. "Kumbe" hufichua kwamba ulitarajia kinyume chake; ukimwambia mpishi "kumbe mtamu", umemwambia kwamba ulikaa mezani ukitegemea kibaya. Kwa haki, hata Mjerumani mwenye nyumba anaweza kuichukua vibaya "ja" hiyo, ila kwao sauti ya furaha huifunika, na kwetu "kumbe" haifunikiki. Nilipaswa kusema, "Aa, huyu sato mtamu!" Mshangao ungebaki kwenye "aa", na sifa ingebaki kwa mpishi.

Nimefika kwenye "doch", mama wa ugomvi wote. Kamusi husema "lakini", na katika baadhi ya sentensi ni kweli. Husema pia kwamba ni jibu la kupinga swali la kukanusha, na hilo ni kweli pia, nalo lina hatari yake. Mjerumani akiulizwa, "Hujala?" naye amekula, hujibu "Doch!" Kwa Kiswahili, aliyekula hujibu, "Hapana, nimekula," kwa sababu sisi hukubali au hukataa maneno ya muulizaji jinsi alivyoyasema. Anayejibu "Ndiyo" kwa swali la "Hujala?" amekiri kwamba hajala. Mfasiri anayeifanya "doch" ya jibu kuwa "ndiyo" atamnyima mtu chakula, au atamlisha mara mbili.

Hata hivyo "doch" ya barua ile haikuwa "lakini" wala haikuwa jibu. Ilikuwa "doch" isiyo na mkazo, iliyojificha katikati ya sentensi, na kazi yake ni kusema mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza: hili unalijua. La pili: na mambo yanavyokwenda sasa, ni kana kwamba hulijui. Hapo ndipo inapoachana na "ja". "Ja" husema twajua sote na hakuna tatizo. "Doch" husema twajua sote, mbona basi hali iko hivi? Mtu anayeuliza kama Kiswahili kina neno la kazi hiyo, nashangaa lugha gani aliongea na mama yake alipokuwa mtoto. "Si nilikwambia." "Si unamjua." "Si uliniahidi." Hii si "si" ya kukanusha. "Si kijana" hukanusha ujana. "Si u kijana" hudai kwamba ujana unaujua vizuri. "Si" hii ya pili humwita msikilizaji awe shahidi dhidi ya usahaulifu wake mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya "doch", bila kupungua hata chembe.

Kuna na "mbona". "Mbona uliniahidi?" Hapa pia ahadi ya jana inagongana na hali ya leo, ila "mbona" haiishii kwenye kukumbusha, inadai maelezo. Ukiambiwa "si uliniahidi", unaweza kujibu, "Kweli, nilisahau," mkacheka. Ukiambiwa "mbona uliniahidi", umeshafikishwa barazani na ni zamu yako kujitetea. "Doch" ya Kijerumani inaweza kubeba zote mbili, na sauti ndiyo huamua. Kwenye karatasi sauti haipo, basi mfasiri hana budi kuitafuta katika uhusiano wa watu wenyewe. Mjane anayemwandikia rafiki wa miaka mingi hamfikishi barazani. Alihitaji "si".

Nitawapa wenzangu kipimo ninachokitumia siku hizi, kwa kuwa malalamiko bila kipimo ni kelele. Nikikutana na kijineno, sijiulizi kina maana gani. Najiuliza: sentensi hii inangoja jibu gani kutoka kwa msikilizaji? Yenye "doch" hungoja "kweli, nilisahau". Yenye "ja" haingoji jibu. Inangoja kichwa kitikiswe. Yenye "mal" hungoja "hilo tu? haya." Kisha naisoma tafsiri yangu kwa sauti na kuuliza kama nayo inangoja jibu lile lile. "Uliniahidi lakini" ilingoja utetezi. "Andika tena mara moja" ilingoja utii. Kama ningefanya kipimo hicho siku ile, mzee asingekaa miezi akinuna.

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana nawajua na hoja zao nazijua.

Wa kwanza husema: vijineno hivi ni mapambo, tukivifyeka maana hubaki. Wajerumani wenyewe walipitia upofu huo. Kwa muda mrefu waliviita "Flickwörter", yaani maneno ya viraka, na Ludwig Reiners, mwalimu wa mtindo aliyesomwa sana, alivifananisha na chawa. Ilikuwa mwaka 1969 ambapo Harald Weydt alivichunguza kwa kuvilinganisha na Kifaransa, akavipa jina la heshima, "Abtönungspartikeln", ambalo msingi wake ni kazi ya mchoraji anayepunguza au kukoleza rangi. Ulinganisho wake ulionyesha kwamba lugha isiyo na vijineno vingi hupeleka rangi ile ile kwa njia nyingine. Ikiwa Mfaransa hutafuta njia nyingine, sisi wenye vijineno vyetu tele tuna udhuru gani?

Wa pili husema: "si", "mbona" na "kumbe" ni maneno ya barazani, hayafai maandishi ya fasihi. Nawakumbusha Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe, kisiwa kilicho ng'ambo ya maji haya haya. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na imejaa watu wanaozungumza: mume na mke, wakwe, majirani. Baadaye Wilhelm Möhlig akaipeleka katika Kijerumani, ikatoka kwa vitabu viwili, mwaka 1991 na 1993. Fikirini mfasiri anayesafiri upande huo. Akikuta mtu anamwambia mwenzake, "Si nilikwambia!" ataandika nini? Akiandika "Ich habe es dir gesagt", amemfanya msemaji kuwa karani anayesoma kumbukumbu. Bila "doch" hatoki hapo. Kama "si" yetu huita "doch" yao, basi na "doch" yao huita "si" yetu. Njia haina upande mmoja. Na kama mazungumzo ya watu yanastahili riwaya, basi na vijineno vya mazungumzo vinastahili.

Wa tatu ni watunzi, nao husema vijineno vitaharibu mizani. Hao ndio wanaonishangaza kuliko wote. Chukueni sentensi ile ya kwanza, muiweke katika kipande cha mizani nane. "Si ulishaniahidi": nane. "Mbona uliniahidi": nane. "Nawe uliniahidi": nane. Cha kwanza kinakumbusha, cha pili kinashitaki, cha tatu kinasikitika. Mizani haikukudai chochote. Imekupa vipande vitatu vinavyolingana ili uchague kwa maana. Anayechagua "uliniahidi lakini" hakubanwa na mizani. Alibanwa na kamusi.

Nakiri mpaka mmoja, ili nisidaiwe kuwa nimetia chumvi. Si kila kijineno kinadai neno lake. Wajerumani huvipanga viwili vitatu kwa mfululizo. "Komm doch mal her" ina viwili, na anayeandika "hebu si uje basi kidogo" amefasiri hesabu, hakufasiri mtu. "Njoo basi" inatosha, kwa kuwa "basi" ya mwisho hubeba kusisitiza na kubembeleza kwa pamoja. Na mara nyingine kijineno cha Kijerumani huingia ndani ya kitenzi chetu, kama "-sha-" ilivyofanya katika "umeshafika", ambayo imebeba "schon" bila kuongeza neno. Ninachodai ni kwamba anayekiacha kijineno ajue amekiacha, na ajue rangi yake imekwenda wapi.

Barua ile niliirudia. Nilimfuata mzee nyumbani kwake, nikamwomba radhi, nikamwambia kosa lilikuwa langu, si la mama yule. Nikamsomea upya: "Si uliniahidi. Mwenzio nami si kijana tena. Niandikie tena basi." Baada ya "uliniahidi" niliweka nukta, na sitaki mhariri anibadilishie kuwa alama ya kuuliza, mama hakuwa anauliza.

Mzee alinitaka nisome mara ya pili. Kisha akasema, "Mbona hukusoma hivi siku ile?" Alitaka maelezo, na nilistahili kuyatoa. Nilimweleza habari za kamusi. Hakuwa na muda nazo. Alikuwa ameshaanza kutafuta karatasi.

Wenye hoja ya kunipinga waje nayo, nawasubiri. Ila wasije na "lakini".